Mikimbio 33 kwa mipira 220: Kwa nini kriketi ina mizani tatu tofauti

Mwezi Novemba mwaka 2012, katika mji wa Adelaide nchini Australia, mpigaji wa Afrika Kusini AB de Villiers alisimama na gongo lake kwa zaidi ya saa nne. Alikabiliana na mipira 220 na kupata mikimbio 33 tu, bila kuupeleka mpira hata mara moja hadi kwenye mpaka wa uwanja. Miaka miwili na miezi miwili baadaye, tarehe 18 Januari 2015 mjini Johannesburg, mchezaji huyo huyo alikabiliana na mipira 44 na kupata mikimbio 149.

Msikilizaji anayepokea matokeo haya mawili katika taarifa ya michezo anaweza kudhani kwamba la kwanza ni habari ya mchezaji aliyekuwa mgonjwa, na la pili ni habari ya mchezaji aliyepona. Lakini wanaoujua mchezo huu wanayahesabu yote mawili miongoni mwa kazi bora za De Villiers. Mechi ya Adelaide ilikuwa ya siku tano, ile inayoitwa Testi. Mechi ya Johannesburg ilikuwa ya siku moja, yenye ova 50 kwa kila timu. Na upo mchezo wa tatu, wa ova 20, unaoandikwa T20, ambao ndio unaosikika zaidi siku hizi katika habari za Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda.

Michezo hii mitatu ina uwanja uleule na vijiti vilevile. Kinachobadilika ni bei. Kriketi ni biashara ya vitu viwili, wiketi na mipira, na kila aina ya mechi ina bei yake ya kubadilisha kimoja kwa kingine.

Hesabu iliyo nyuma ya mchezo

Kwanza tukumbushane misingi. Mrushaji hurusha mpira kuelekea vijiti vitatu vinavyolindwa na mpigaji. Mipira sita ikisharushwa, ova moja imekwisha, na mrushaji mwingine huchukua zamu kutoka upande wa pili. Mpigaji hutafuta mikimbio kwa kukimbia kati ya ncha mbili za kiwanja, au kwa kuufikisha mpira mpakani, jambo linalompa mikimbio minne, au sita ukivuka mpaka bila kugusa chini. Mpira ukigonga vijiti vyake, au ukidakwa kabla haujagusa chini, au akikosea kwa njia nyingine zinazotajwa na kanuni, anatoka, na timu yake imepoteza wiketi moja. Wiketi kumi zikianguka, zamu ya timu hiyo imekwisha.

Wiketi ni kumi katika aina zote tatu. Mipira ndiyo inayotofautiana. Katika T20 kila timu hupewa mipira 120. Ukiigawa kwa wiketi kumi, kila wiketi ina mipira 12 ya kutumia. Katika mechi ya siku moja mipira ni 300, hivyo kila wiketi ina mipira 30. Katika Testi hakuna kikomo cha mipira kwa timu, ila siku tano zenye ova 90 kila siku hutoa mipira 2,700 kwa mechi nzima. Kila timu hupiga mara mbili, kwa hiyo mechi nzima ina wiketi 40, na kila moja ina wastani wa mipira 67 hivi.

Mipira 12, 30 na 67: katika tarakimu hizi tatu ndimo mlimo karibu siri yote. Mahali ambapo wiketi ina mipira michache, kupoteza wiketi si msiba mkubwa, ila kupoteza mpira bila mkimbio ni hasara. Mahali ambapo mipira ni mingi, mpira uliopita bila mkimbio haumdhuru mtu, ila wiketi iliyoanguka hairudi.

Testi: adui ni saa

Katika Testi lipo jambo lisilokuwapo katika michezo mingine miwili. Ili timu ishinde, kwa kawaida ni lazima iwatoe wapinzani wake mara mbili. Kupata mikimbio mingi peke yake hakutoshi. Siku ya tano ikiisha kabla kazi hiyo haijakamilika, mechi ni sare, hata kama timu moja imeizidi nyingine kwa mikimbio mia mbili. Kwa sababu hiyo timu iliyolemewa ina mlango wa kutokea: kutotoka uwanjani mpaka saa iishe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Adelaide. Australia ilipata mikimbio 550 katika zamu yake ya kwanza, na nahodha wake Michael Clarke peke yake alichangia 230. Afrika Kusini ilijibu kwa 388. Australia ilipiga tena, na ilipofika 267 kwa hasara ya wiketi 8, nahodha aliamua kuifunga zamu hiyo kwa hiari yake. Uamuzi wa namna hiyo hauna maana kwa mtu aliyezoea mechi fupi, kwani ni nani anayekataa mikimbio zaidi? Lakini Clarke hakuwa na upungufu wa mikimbio. Alihitaji muda wa kuangusha wiketi kumi, na kila ova ambayo timu yake ingeendelea kupiga ilikuwa ova moja pungufu kwa warushaji wake.

Afrika Kusini iliachiwa lengo la mikimbio 430, ambalo hakuna aliyelitazamia. Jua lilipotua siku ya nne ilikuwa na 77, na wiketi 4 zilikuwa zimekwisha kuanguka. Ilibaki siku nzima, wiketi sita, na mikimbio 353 ambayo haikuwa na kazi tena. De Villiers na mwenzake Faf du Plessis, aliyekuwa akicheza Testi yake ya kwanza, wakabadilisha lengo: badala ya kuhesabu mikimbio, wakaanza kuhesabu ova zilizobaki.

Ustadi unaotakiwa hapo ni wa aina yake. Wa kwanza ni kujua mpira wa kuuacha. Mpira unaopita nje kidogo ya vijiti hauwezi kumtoa mpigaji asiyeugusa, lakini ukilamba ukingo wa gongo utadakwa na wachezaji waliopangwa nyuma yake. Katika mechi ya ova 20, mpira huo ni nafasi ya kufunga na ni vigumu kuuachia upite. Katika Testi ni mtego, na mpigaji bora huuacha mara ishirini mfululizo bila kuona haya. Wa pili ni kupiga kwa mikono laini, ili mpira uanguke miguuni pake badala ya kuruka kwa wale waliomzunguka. Wa tatu ni kusahau: mpira uliokaribia kumtoa haupo tena, uliopo ni ule unaokuja.

Kwa upande wa mrushaji, Testi haina kikomo cha ova. Akiwa na nguvu, aweza kurusha siku nzima. Anamjengea mpigaji mazoea, mipira mitano inayokwenda nje, kisha wa sita unaoingia ndani. Timu yake hupewa haki ya kuchukua mpira mpya baada ya ova 80, nao ukiwa mpya huwa mgumu na hupinda hewani kuliko uliochakaa. Isitoshe, ardhi yenyewe hubadilika: kufikia siku ya tano kiwanja hukauka na kupasuka, na mpira wa kuzungusha huruka kwa namna isiyotabirika. Mambo haya yote humsaidia mwenye subira.

Ila mwili nao una hesabu yake. Mrushaji mmoja wa kasi wa Australia, James Pattinson, alikuwa ameumia mapema katika mechi hiyo, na mzigo wake ukawaangukia wenzake. Peter Siddle alirusha ova 33 katika zamu hiyo ya mwisho. Ni yeye aliyevunja ngome ya De Villiers kwenye mpira wake wa 220, na alikuwa bado akirusha mechi ilipokaribia kumalizika, miguu ikiwa imekwisha kumkataa. Du Plessis hakutoka. Alimaliza na mikimbio 110 kwa mipira 376, na Afrika Kusini ikafika jioni ikiwa na 248 kwa wiketi 8. Sare. Wiki iliyofuata, mjini Perth, Afrika Kusini ilishinda na kutwaa mfululizo wote wa mechi tatu kwa ushindi huo mmoja.

Mikimbio 33 ya De Villiers ina thamani yake ndani ya hesabu hiyo. Kazi yake ilikuwa kuondoa mipira 220 katika akiba ya muda wa Australia, na aliifanya.

Siku moja: akiba na matumizi

Mechi ya siku moja ilizaliwa Melbourne tarehe 5 Januari 1971, baada ya mvua kuiharibu Testi na wenyeji kutafuta namna ya kuwafurahisha watazamaji waliosubiri bila kuona kitu. Iliondoa sare kwa kuwekea kila timu idadi ya mipira. Tangu hapo muda haukuwa tena kimbilio. Mpigaji anayesimama tu bila kupata mikimbio anaisaidia timu pinzani.

Lakini mipira 300 si michache. Mpigaji mmoja mzuri aweza kutumia 120 kati yake, na timu inayopoteza wiketi tano katika ova 15 za mwanzo aghalabu huishiwa na wapigaji kabla ya kuishiwa na mipira. Ndiyo maana mchezo huu wa kati hufanana na mwenye duka anayeamua lini aweke akiba na lini atumie.

Kanuni zenyewe zimegawa zamu katika vipindi vitatu. Katika ova kumi za kwanza wadakaji wawili tu ndio wanaoruhusiwa kusimama nje ya duara kubwa lililochorwa uwanjani, kwa hiyo mpira unaovuka vichwa vya walio ndani hufika mpakani kwa urahisi. Kuanzia ova ya 11 hadi ya 40 wanaruhusiwa wanne, na katika kumi za mwisho watano. Wapigaji huutumia mwanzo kupata mikimbio ya haraka iwapo mpira haupindi sana, kisha katikati huokota mkimbio mmoja mmoja, na mwishoni hufungua mkono.

Siku ile ya Johannesburg mpango huo ulifanikiwa kuliko ilivyo kawaida. Wapigaji wa kwanza wawili wa Afrika Kusini, Hashim Amla na Rilee Rossouw, walikaa pamoja hadi ova ya 39, na wiketi ya kwanza ilianguka timu ikiwa na mikimbio 247. Hapo ndipo De Villiers alipoingia. Mipira iliyobaki ilikuwa 69, na wiketi zilizobaki zilikuwa tisa. Tugawe tena: kila wiketi ilikuwa na mipira isiyofika minane. Kwa muda huo mfupi mechi ya ova 50 ilikuwa imegeuka kuwa fupi kuliko hata ile ya ova 20. Wiketi ya De Villiers haikuwa na bei tena. Kama angetoka kwenye mpira wa kwanza, nyuma yake walikuwapo wengine wengi ambao hawangepata nafasi ya kupiga hata hivyo.

Alifikisha mikimbio mia kwa mipira 31, kasi ambayo haikuwahi kuonekana katika mechi za kimataifa za siku moja, na timu ikamaliza na 439 kwa wiketi 2. Wageni, West Indies, walipata 291. Nguvu za De Villiers zilionekana na wote. Kilichoonekana kwa shida zaidi ni kwamba Amla na Rossouw ndio waliomnunulia uhuru ule kwa kutotoka kwa ova 38.

Mrushaji naye, katika mechi ya siku moja, hana haki ya kurusha zaidi ya ova kumi. Kazi yake inapimwa kwa mambo mawili kwa pamoja: wiketi alizoangusha na mikimbio aliyoinyima timu pinzani. Lakini mizani hiyo nayo hutegemea lengo. Wakenya wanaukumbuka mfano mmoja wa Kombe la Dunia la mwaka 2003, mwaka ambao timu yao ilifika nusu fainali. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, Kenya ilipata mikimbio 174 dhidi ya Australia, mabingwa wa wakati huo. Aasif Karim, mrushaji wa mpira wa kuzungusha aliyekuwa na umri wa miaka 39, alirusha ova nane na mipira miwili. Ova sita kati ya hizo zilikuwa kavu, yaani hazikutoa hata mkimbio mmoja. Kwa jumla alitoa mikimbio saba na kuangusha wiketi tatu, mmojawapo akiwa nahodha Ricky Ponting. Alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mechi.

Hata hivyo Australia ilishinda, tena ikiwa imebakiwa na mipira 112. Kwa nini mipira 50 ya Karim haikuizuia? Kwa sababu lengo la 175 katika mipira 300 halihitaji hata mikimbio minne kwa ova. Waaustralia walikuwa na mipira ya kugawa sadaka, na waliweza kumheshimu Karim, kuacha ova zake zipite zikiwa kavu, na kungoja warushaji wengine. Mpira mkavu huuma pale tu mpigaji anapokuwa maskini wa mipira.

Ova ishirini: kila mpira una bei

Katika T20 wapigaji wote huanza wakiwa maskini wa mipira. Zamu hiyo ya mipira 120 humalizika kwa muda unaokaribia ule wa mechi moja ya kandanda, na mpigaji hana nafasi ya kuizoea hali ya kiwanja. Katika ova sita za kwanza wadakaji wawili tu ndio walio nje ya duara, na hapo wengi hujaribu kupata sehemu kubwa ya mikimbio yao. Mpigaji anayepata mikimbio 20 kwa mipira 25 katika Testi atasifiwa kwa kasi yake. Katika T20 wenzake watamtazama kwa jicho la lawama, kwa kuwa ametumia zaidi ya moja ya tano ya mipira yote ya timu.

Kwa mrushaji kikomo ni ova nne. Hana muda wa kujenga mtego wa ova kumi, kwa hiyo silaha yake ni kutotabirika: mpira wa polepole unaorushwa kwa mkono wa kasi, mpira unaotua miguuni kabisa mwa mpigaji asiweze kuunyanyua, au mpira wa kuzungusha unaomlazimisha mpigaji atumie nguvu zake mwenyewe. Na hapa ndipo mpira mkavu unapopanda bei.

Ushahidi wake uko karibu nasi. Tarehe 5 Juni 2024 Uganda ilikutana na Papua New Guinea katika uwanja wa Providence nchini Guyana, kwenye Kombe la Dunia la ova 20, michuano yake ya kwanza ya ngazi hiyo. Frank Nsubuga, mrushaji wa mpira wa kuzungusha mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova zake zote nne. Mbili zilikuwa kavu. Alitoa mikimbio minne tu na kuangusha wiketi mbili. Yaani katika mipira 24, moja ya tano ya yote waliyokuwa nayo, Papua New Guinea ilipata mikimbio minne. Hakukuwa na hazina ya kufidia hasara hiyo. Waliobaki walilazimika kupiga kwa nguvu mipira isiyostahili kupigwa, wakadakwa, na timu nzima ikatoka kwa 77.

Ulinganisho wa Karim na Nsubuga unafundisha jambo. Wote wawili walirusha mpira wa kuzungusha kwa utulivu, wote walikuwa na umri ambao wengi huwa wamekwisha staafu, na wote walizuia mikimbio kwa kiwango kinachofanana. Mmoja alishindana na watu waliokuwa na mipira ya ziada, na timu yake ikashindwa. Mwingine alishindana na watu wasiokuwa na hata mmoja wa ziada, na timu yake ikashinda.

Lakini mechi ya Providence haikuishia hapo, na sehemu yake ya pili inatuonya tusiichukulie T20 kama mchezo wa nguvu tupu. Uganda ilipoanza kulifuata lengo la 78, wapigaji wake wa mwanzo walitoka mmoja baada ya mwingine, hadi timu ikawa na 26 kwa wiketi 5. Zaidi ya nusu ya mipira ilikuwa bado haijarushwa. Tukizipima bei upya, mikimbio iliyohitajika ilikuwa michache, mipira ilikuwa mingi, na wiketi ndizo zilizokuwa adimu. Hiyo ni hali ya Testi iliyojificha ndani ya mechi ya ova 20.

Riazat Ali Shah aliitambua. Alipata mikimbio 33 kwa mipira 56, mwendo ambao siku nyingine ungeitwa wa kobe. Akaokota mkimbio mmoja mmoja, akaacha mipira ya hatari, na Uganda ikafika 78 kwa wiketi 7, ikiwa imebakiwa na mipira kumi. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Uganda katika Kombe hilo. Kama angejaribu kuimaliza mechi kwa mipigo ya kuruka mpaka, angekuwa amenunua haraka asiyoihitaji kwa wiketi asizokuwa nazo.

Mchezo mfupi na nafasi ya wadogo

Kuna tofauti nyingine inayozigusa timu za Afrika Mashariki moja kwa moja. Kadiri mechi inavyokuwa fupi, ndivyo timu dhaifu inavyokuwa na nafasi kubwa ya kuiangusha yenye nguvu. Katika siku tano, bahati ya saa moja hufutwa na saa thelathini zinazofuata. Katika ova ishirini, saa moja nzuri yaweza kuwa karibu zamu nzima.

Uganda ilifika Guyana kwa sababu hiyo kwa sehemu. Mwezi Novemba 2023 mjini Windhoek, katika mashindano ya kufuzu ya Afrika, iliishinda Zimbabwe kwa wiketi 5 baada ya kuizuia kwa mikimbio 136. Zimbabwe ni mojawapo ya nchi mbili tu za Afrika zinazocheza Testi, nyingine ikiwa Afrika Kusini. Ni vigumu kufikiria Uganda ikiiangusha timu hiyo wiketi 20 katika siku tano, lakini katika mipira 120 iliwezekana, na Zimbabwe ikabaki nyumbani.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana siku tatu baada ya ushindi wa Providence, katika uwanja uleule. West Indies iliitoa Uganda kwa mikimbio 39. Akeal Hosein, mrushaji wa mpira wa kuzungusha, aliangusha wiketi tano. Mchezo mfupi humpa mdogo nafasi, lakini haumfundishi namna ya kukaa uwanjani mipira inapopinda. Ustadi huo hupatikana mahali ambapo mpigaji anaweza kusimama siku nzima bila kulaumiwa.

Na mahali hapo ni adimu katika ukanda huu. Tangu Januari 2019 Baraza la Kimataifa la Kriketi limezipa nchi zote wanachama haki ya mechi zao za ova 20 kuhesabiwa rasmi, na ndiyo sababu tunasikia mara kwa mara matokeo ya Rwanda, Tanzania na Uganda. Kenya, iliyokuwa na hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja, iliipoteza mwaka 2014. Kijana anayeanza kriketi leo mjini Kampala au Kigali hujifunza kwanza bei za mchezo mfupi, ambapo wiketi ni rahisi na mpira ni ghali. Siku atakapojikuta katika hali ya Riazat, itambidi azijue bei nyingine ambazo huenda hajawahi kuzilipa.

Namna ya kuyasikiliza matokeo

Kwa hiyo anayesikia takwimu za kriketi redioni, kabla ya kusifu au kulaumu, na ajiulize mambo matatu: mipira iliyobaki ilikuwa mingapi, wiketi zilizobaki zilikuwa ngapi, na timu ilihitaji nini, mikimbio au muda? Akiambiwa mpigaji amepata 33 kwa mipira 56, jibu la maswali hayo ndilo litakalomwonyesha kama mtu huyo aliizamisha timu yake au aliivusha. Huko Providence aliivusha.